KUREKEBISHA REKODI INAYOKWENDA MBIO: KIDATU NA MWENDO WA SAUTI

Kanda za kaseti zilizorekodiwa zamani zingali zimehifadhiwa katika nyumba nyingi, na baadhi yake zina nyimbo na masimulizi ambayo hayapatikani mahali pengine. Zinapochezwa leo na kuingizwa katika kompyuta, mara nyingi huonekana kasoro moja: sauti ni nyembamba kupita kiasi na wimbo unakwenda mbio. Makala haya yanaeleza namna ya kuitambua kasoro hiyo kwa kipimo badala ya kubahatisha, na kwa nini njia moja tu ya kuirekebisha ndiyo sahihi ingawa kompyuta hutoa njia tatu.

Na ichukuliwe kwa mfano kanda moja iliyorekodiwa uani katika nyumba ya Kizota, mjini Dodoma. Ndani yake kikundi cha waimbaji wa Kigogo kinaimba kwa ilimba, zeze na ngoma. Kinasa sauti kilikuwa kimeunganishwa na umeme wa nyumbani. Wimbo mmoja, unapochezwa katika mashine nzima, unachukua dakika 4 na sekunde 10, yaani sekunde 250. Wazee wanaousikiliza wanasema kwamba waimbaji wanasikika kama watoto.

Chanzo cha kasoro

Kinasa sauti cha kaseti kimepangwa kuvuta utepe kwa kasi ya sentimita 4.76 kwa sekunde. Ikiwa mkanda wa mpira unaozungusha magurudumu yake umelegea, au mota imechoka, kasi hupungua. Tuseme siku ile ya kurekodi utepe ulikwenda kwa sentimita 4.41 kwa sekunde. Uimbaji wa sekunde moja uliandikwa basi katika utepe wenye urefu wa sentimita 4.41. Mashine nzima, inayovuta sentimita 4.76 kila sekunde, hukimaliza kipande hicho kwa sekunde 0.926. Kwa hiyo mashine iliyokwenda polepole wakati wa kurekodi ndiyo inayozaa rekodi inayokwenda mbio wakati wa kusikiliza.

Mambo mawili hutokea kwa pamoja. Kwanza, wimbo wote hufupishwa. Pili, mitetemo ya sauti iliyokusudiwa kuenea katika sekunde moja husongamana katika muda mfupi zaidi, hata idadi yake kwa sekunde ikaongezeka. Idadi hiyo huitwa marudio, na hupimwa kwa Hz. Marudio yakiongezeka, sikio husikia sauti nyembamba zaidi. Unene au wembamba huo wa sauti ndio unaoitwa kidatu. Mwendo na kidatu vimeharibika kwa sababu moja na kwa kiasi kimoja.

Kwa nini sikio halitoshi

Mwanafunzi anaweza kudhani kwamba mwanamuziki hodari atagundua kosa kwa kusikiliza kama sauti za ilimba zinapatana. Hilo haliwezekani. Muziki wa Kigogo unajulikana kwa kutumia sauti ambazo marudio yake yana uwiano wa namba nzima, kama 6, 7, 8 na 9. Ikiwa sauti mbili zilikuwa na marudio ya Hz 300 na Hz 350, uwiano wake ni 6 kwa 7. Rekodi ikienda mbio kwa asilimia 8, zitasikika kwa Hz 324 na Hz 378, na uwiano wake bado ni 6 kwa 7. Kasi huzidisha kila marudio kwa namba ileile, kwa hiyo mapatano ya sauti hubaki yalivyokuwa. Kinachohitajika ni sauti moja ambayo marudio yake halisi yanajulikana kutoka nje ya muziki.

Ndiyo sababu mtafiti Hugh Tracey, aliyerekodi muziki katika Tanganyika mwaka 1950, alikuwa akipima sauti za ala kwa kutumia uma za sauti. Uma wa sauti hutoa marudio yanayojulikana, nayo hayategemei kasi ya utepe.

Kipimo kilichofichwa ndani ya kanda

Kanda ya Kizota haina uma wa sauti, lakini ina kitu kinachoweza kushika nafasi yake. Umeme wa Tanzania hubadili mwelekeo wake mizunguko 50 kwa sekunde. Kinasa sauti kinachotumia umeme huo aghalabu hunasa mvumo wake hafifu, na mvumo huo huwa na Hz 50 pamoja na mafungu yake, yaani Hz 100 na Hz 150.

Ili kuusoma, huchaguliwa sehemu ya kanda yenye utulivu, kabla ya wimbo kuanza au baada ya kwisha. Sehemu hiyo isipungue sekunde 10, kwa sababu kipimo cha sekunde 10 kinaweza kutenganisha marudio yanayopishana kwa sehemu ya kumi ya Hz. Programu ya kompyuta inayochora marudio huonyesha vilele vitatu: Hz 54, Hz 108 na Hz 162. Kilele cha kwanza huenda kikawa hafifu, maana vinasa sauti vidogo havishiki vizuri sauti nene sana, lakini vile viwili vya juu hukithibitisha. Namba hizo zimo katika uwiano wa 1, 2 na 3, na vilele havikatiki hata ngoma inaponyamaza. Hizo ndizo dalili za mvumo wa umeme.

Hapa kuna mtego. Mashine inayocheza kanda nayo huweza kuongeza mvumo wake, ambao utakuwa Hz 50 kamili na utamfanya mpimaji aamini kwamba kanda haina kosa. Namna ya kuutambua ni kusimamisha utepe bila kuzima mashine. Mvumo unaobaki ni wa mashine; unaotoweka ndio wa kanda.

Hesabu

Uwiano wa kusahihisha ni marudio halisi yakigawanywa kwa marudio yaliyopimwa:

50 ÷ 54 = 0.9259

Muda sahihi wa wimbo ni 250 ÷ 0.9259, yaani sekunde 270, au dakika 4 na nusu. Ngoma iliyohesabiwa mapigo 135 kwa dakika kwa kweli ilipigwa mapigo 125. Kidatu kitashuka kwa nusu-toni 1.33, ikiwa nusu-toni ni hatua kutoka kibonyezo kimoja cha kinanda hadi kinachofuata.

Wanafunzi wengi hukosea katika hatua hii. Rekodi imekwenda mbio kwa asilimia 8, basi huamua kuipunguza kwa asilimia 8. Lakini 54 ikizidishwa kwa 0.92 ni 49.68, si 50. Punguzo sahihi ni asilimia 7.41, kwa kuwa asilimia ya pili inahesabiwa kutoka katika namba kubwa zaidi.

Njia tatu na matokeo yake

Programu za sauti zina amri tatu zinazofanana kwa jina lakini si kwa kazi. Katika programu iitwayo SoX huandikwa hivi:

```
sox kanda.wav a.wav speed 0.9259
sox kanda.wav b.wav tempo 0.9259
sox kanda.wav c.wav pitch -133
```

Amri ya kwanza hufanya kile ambacho mota ingefanya kama utepe ungechezwa polepole. Mawimbi yote hutandazwa, hivyo muda huongezeka na kidatu hushuka kwa pamoja. Mvumo hurudi Hz 50, wimbo huwa wa sekunde 270, na waimbaji husikika tena kama watu wazima.

Amri ya pili hurefusha muda bila kugusa kidatu. Kompyuta huikata sauti katika vipande vifupi sana, vya sehemu ndogo ya sekunde, kisha huvipanga upya vikipandana, na mahali pengine sauti hurudiwa ili nafasi ijae. Hutafuta mahali ambapo mawimbi yanalingana ili kiungo kisisikike. Wimbo utakuwa wa sekunde 270, lakini mvumo utabaki Hz 54 na sauti zitabaki za kitoto. Aidha, kibao cha ilimba kilichodonolewa mara moja huweza kusikika kama kimedonolewa mara mbili, au mdono wake ukafifia, kwa sababu tukio la ghafla halina sehemu ya kurudia.

Amri ya tatu hushusha kidatu bila kubadili muda. Namba -133 ni nusu-toni 1.33 zikihesabiwa kwa mia. Mvumo utasoma Hz 50, lakini wimbo utabaki wa sekunde 250 na ngoma itaendelea kukimbia. Njia hii nayo hukata na kuunganisha, hivyo ina kasoro zilezile za viungo.

Kwa hiyo mvumo peke yake hauthibitishi kazi, wala muda peke yake. Ni lazima vyote viwili vikaguliwe. Mtu angeweza kutumia amri ya pili na ya tatu kwa zamu akapata namba sahihi zote mbili, lakini atakuwa ameikata sauti mara mbili ili kufanya kazi ambayo amri ya kwanza huifanya bila kukata hata mara moja.

Kurefusha muda peke yake kuna mahali pake. Mwalimu anayetaka darasa liandike mdundo wa ilimba anaweza kuupunguza mwendo hadi nusu huku sauti zikibaki katika kidatu chake. Lakini hilo hufanyika baada ya kosa la kasi kusahihishwa.

Mipaka ya njia hii

Umeme wenyewe haukai katika Hz 50 kamili saa zote. Ukitofautiana kwa asilimia 1, kidatu kitakosewa kwa karibu sehemu moja ya sita ya nusu-toni. Kosa hilo si kubwa kwa msikilizaji, lakini ni kubwa kwa mtu anayetaka kuandika marudio ya kila kibao cha ilimba.

Kanda iliyorekodiwa kwa betri mbali na nyaya za umeme haina mvumo. Hapo hutafutwa kipimo kingine, kama ilimba ileile ikiwa ingalipo na haijasawazishwa upya, au milio ya saa ya redio inayopishana kwa sekunde moja. Tena betri huchoka kidogo kidogo, hivyo mwanzo wa kanda huweza kuwa sahihi na mwisho wake ukaenda mbio. Namba moja haiwezi kusahihisha kanda ya namna hiyo. Ipimwe mahali kadhaa na kila sehemu ipewe uwiano wake.

Zoezi

Kompyuta hupima sauti mara nyingi kila sekunde. Mazungumzo ya dakika 8 yalirekodiwa kwa vipimo 44,100 kwa sekunde, kisha yakachezwa kwa makosa kwa vipimo 48,000 kwa sekunde. (a) Yatachukua muda gani? (b) Mvumo wa umeme utasoma Hz ngapi? (c) Ni amri ipi kati ya zile tatu inayofaa, na kwa uwiano gani?

Majibu: (a) dakika 7 na sekunde 21, (b) Hz 54.4, (c) ya kwanza, kwa 0.91875.