Mgongo umekataa baada ya gunia

*Shikamoo daktari. Nina miaka 41, nafanya biashara ya nafaka hapa Kibaigwa. Jumatatu alfajiri vijana wa kubeba walikuwa hawajafika na mteja ana haraka, nikainua gunia la mahindi mwenyewe nilipeleke kwenye mizani. Nilipogeuka nikasikia "ka!" kiunoni, nikashuka nalo chini. Tangu hapo kunyooka ni shida, kukohoa kunauma, na maumivu yanashuka hadi kwenye tako la kulia. Mama ameagiza nilale mkekani wiki nzima bila kuamka. Jirani anasema mtoto anikanyage mgongo ili pingili irudi mahali pake. Duka la dawa wamenipa diklofenaki, na nyumbani tulikuwa na ibuprofeni. Nameza zote mbili. Shemeji anasisitiza niende Dodoma nikapigwe picha. Leo ni siku ya tatu. Nifuate lipi?*
*Baba Wawili, Kibaigwa*

Marahaba, Baba Wawili. Kama unavyojua, nilikupigia simu kwanza kabla ya kuandika, kwa sababu kuna maswali ambayo mgonjwa wa mgongo hapaswi kusubiri gazeti litoke ndipo aulizwe. Nitayarudia hapa kwa ajili ya wengine wanaosoma wakiwa wamelala upande mmoja.

Swali la kwanza lilikuwa la haja ndogo. Mkojo unatoka kama kawaida? Unausikia ukipita? Ukijisafisha, unahisi mkono wako, au sehemu yote inayogusa tandiko la baiskeli imekufa ganzi? Wanaume huona aibu kuulizwa hivyo, lakini hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko ukali wa maumivu. Kati ya pingili na pingili kuna diski, na mara chache sana diski ya chini hutoka kwa wingi ikabana fungu la mishipa ya fahamu inayoendesha kibofu, haja kubwa na nguvu za kiume. Mtu wa namna hiyo anatakiwa kuwa hospitali kubwa siku hiyohiyo, kwa sababu upasuaji ukichelewa, mkojo unaweza usirudi katika hali yake. Vivyo hivyo kwa miguu yote miwili kulegea, au mguu mmoja kushindwa kuinua vidole hadi unaburuta.

Nilikuomba utembee hatua chache kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole, huku umeshika ukuta. Uliweza, japo kwa kulalamika. Nikauliza kama una homa, jasho la usiku, au kama umepungua mwili, na kama mgongo ulikuwa ukiuma hata kabla ya gunia. Huko kwenu Kongwa kuna mifugo mingi, na anayekunywa maziwa mabichi anaweza kupata bruselosisi ikakaa mgongoni; kifua kikuu nacho hushika pingili. Gunia hulaumiwa bure wakati ugonjwa ulikuwepo. Ukasema hapana kwa yote. Ungekuwa mama aliyekwisha kukoma hedhi, au mtu anayetumia vidonge vya steroidi kwa muda mrefu, ningekupeleka kwenye picha mapema, kwa kuwa mfupa uliopungua uimara unaweza kubonyea kwa mzigo mdogo tu.

Kwa hiyo tuna mgongo ulioteguka: misuli na kano zimevutwa kupita kiasi, pengine na diski imekereka. Hakuna pingili iliyohama. Ule mlio wa "ka!" unatisha, lakini hausemi ni kipi kilichoumia wala kwa kiasi gani. Na huko kushindwa kunyooka ni misuli inayokaza yenyewe kukilinda kilichoumia, ndiyo maana mwili umeinamia upande mmoja. Ukakamavu huo ukilegea, utanyooka.

Sasa mkeka. Nampa mama heshima yake, lakini wiki nzima ya kulala itakuchelewesha. Katika utafiti wa Helsinki, Finlandi, uliochapishwa mwaka 1995, wafanyakazi wa manispaa wenye maumivu ya ghafla ya mgongo kama yako waligawanywa makundi matatu: kundi la kwanza likalala siku mbili, la pili likafanya mazoezi maalumu ya mgongo, la tatu likaambiwa liendelee na shughuli zake kadiri maumivu yanavyoruhusu. Kundi la tatu ndilo lililopona vizuri zaidi. Angalia kwamba hata mazoezi maalumu hayakulishinda. Katika siku hizi za mwanzo sikutumi ujinyooshe wala ujipinde, nakutuma utembee.

Tembea ndani ya ua dakika tano, rudi ukapumzike, na baada ya saa moja rudia. Kesho ongeza kidogo. Maumivu kupanda kidogo wakati unatembea si dalili kwamba unajiharibu. Kipimo ni kama yametulia ndani ya nusu saa hivi ukishapumzika. Jambo la kuangalia zaidi ni mahali yalipo. Yakitoka takoni yakarudi kiunoni, hata kiuno kikizidi kuuma kwa muda, ni habari njema. Yakishuka chini ya goti hadi kwenye unyayo, pamoja na ganzi, punguza mwendo na unipigie, kwani hapo mshipa wa fahamu wa mguu umeguswa.

Kukaa kitako kwa muda mrefu kutakuumiza kuliko kusimama, kwa hiyo kigoda cha dukani kiweke pembeni. Ukilala, lala chali na mto chini ya magoti, au ubavu na mto katikati ya magoti; godoro au mkeka, chagua kinachokupa usingizi. Kuamka ndiko kunakowaliza watu. Usinyanyuke kwa kuvuta kichwa na kifua. Kunja magoti, geuka ubavu mwili mzima kwa pamoja kama gogo, shusha miguu nje ya kitanda, halafu sukuma kwa mkono hadi ukae. Chooni, kama ni cha kuchuchumaa, tafuta kiti kilichotobolewa katikati au kitu imara cha kushika, na kunywa maji ya kutosha pamoja na mapapai ili usilazimike kusukuma. Bodaboda kwenye barabara yenye mashimo iache kwa siku hizi.

Joto linasaidia. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kanga, dakika 15 hadi 20, mara tatu au nne kwa siku, hulegeza ule ukakamavu kabla ya kutembea. Usiiweke juu ya ngozi iliyopakwa dawa ya kuchua inayowasha. Nimeona migongo iliyoungua hivyo. Mama watoto akuchue taratibu kwa mafuta ya nazi, hapo hakuna ubaya. Mtoto asikukanyage. Hakuna pingili ya kurudishwa, na uzito wa mtoto juu ya diski iliyokereka unaweza kuongeza jeraha ambalo mwili ulikuwa unaliponya wenyewe.

Dawa zako nazo zilinifanya nishike simu. Diklofenaki na ibuprofeni ni za ukoo mmoja. Ukizimeza pamoja, mgongo haupati nafuu mara mbili, bali tumbo na figo ndivyo vinavyoumia mara mbili. Chagua moja. Ukichagua ibuprofeni, miligramu 400 baada ya chakula, mara tatu kwa siku, siku zisizidi tano, kisha acha. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au moyo, anayetumia dawa za presha, mwenye pumu inayochochewa na dawa hizi, na mama mjamzito, wasiziguse bila kumwuliza daktari. Ukianza kupata choo cheusi kama lami, acha mara moja uende hospitali. Wengi huniuliza kuhusu parasetamoli. Utafiti uliofanyika Australia na kuchapishwa mwaka 2014, wenye wagonjwa zaidi ya 1,600, haukuona kwamba inaharakisha kupona kwa maumivu ya namna hii kuliko kidonge kisicho na dawa. Na sindano ya diklofenaki ambayo watu huipanga foleni haimalizi tatizo haraka kuliko kidonge, ila inauma zaidi na inalipiwa zaidi.

Shemeji naye ana nia njema. Eksirei inaonyesha mifupa. Misuli, kano na diski haizionyeshi. Kwa umri wako ina uwezekano mkubwa wa kuonyesha pingili zilizoanza kuchakaa, jambo ambalo watu wengi wasioumwa kabisa pia wanalo. Utarudi Kibaigwa na karatasi iliyoandikwa "pingili zimesagika", utaogopa kuinama miaka miwili, na matibabu yatakuwa yaleyale. Nauli hiyo itunze. Picha ina maana zikitokea zile dalili za mwanzo, au maumivu yakigoma kupungua baada ya wiki sita hivi.

Tarajia nini? Siku tatu hadi tano za mwanzo ni mbaya. Wiki ya pili watu wengi huvaa viatu bila kumwita mtu, na wengi hurejea kazini ndani ya wiki chache. Maumivu hayapungui kwa mstari ulionyooka. Kuna asubuhi utaamka ukiwa umerudi nyuma, hasa ukijisahau ukakaa kitini saa mbili mfululizo. Mwisho wa wiki ya pili ukiwa bado huwezi kusimama dukani, nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya mkoa.

Kuhusu lile gunia. Ulikuwa na makosa matatu kwa mara moja. La kwanza ni uzito: gunia lililojaa lina kilo 100 hivi, wakati pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 linataka mzigo wa mwanamume mmoja usizidi kilo 55. La pili, uliinua kisha ukageuza kiuno miguu ikiwa palepale, badala ya kuzungusha miguu. La tatu ni la saa, na ndilo wachache wanalolijua. Usiku, ukiwa umelala, diski hunyonya maji zikavimba, na katika saa ya kwanza baada ya kuamka zinapata shida zaidi ukiinama. Wewe uliinama alfajiri, kabla ya chai.

Wiki mbili hizi usiguse mzigo wowote wa dukani. Baadaye anza na nusu debe, halafu debe zima, ambalo la mahindi huwa na kilo 18 hadi 20, ukilibana kifuani na kugeuka kwa hatua. Gunia zima ni la watu wawili, au ligawanywe kwa madebe kwenye mizani. Na mteja wa alfajiri mwambie mzigo unapimwa kuanzia saa moja, vijana wakishafika.