Begi limechelewa, tena limevunjika

Swali: Nilisafiri kwa ndege kutoka Maskati hadi Dar es Salaam. Begi langu lilifika siku nne baadaye, gurudumu limeng'oka. Shirika linasema nimechelewa kulalamika. Nina haki gani?

Jibu: Inategemea uliandika lini. Safari za kimataifa kama yako zinaongozwa na Mkataba wa Montreal wa 1999. Kwa begi lililovunjika, malalamiko yaandikwe ndani ya siku 7 tangu ulipokabidhiwa. Kwa begi lililochelewa, una siku 21 tangu siku hiyohiyo. Kwa hiyo ukiwa siku ya kumi leo, dai la gurudumu limekupita, lakini la kuchelewa bado lipo hai.

Andika barua au baruapepe. Maneno ya mdomo kaunta hayahesabiki. Ambatisha kile kikaratasi chenye namba ya mzigo ulichopewa ulipokabidhi begi, fomu uliyojaza uwanjani, na risiti za vitu vya lazima ulivyonunua ukisubiri: nguo za ndani, mswaki, shati la kazini. Usiweke simu mpya, wataikataa. Wakigoma, una miaka 2 ya kwenda mahakamani.