Taarifa ya Mwaka ya Chama cha Ushirika: Namna ya Kuandika Mafanikio na Upungufu

Kijitabu kwa kamati na wanachama wa vyama vidogo vya Masisi na Walikale

1. Taarifa ni haki ya mwanachama

Sheria ya OHADA juu ya vyama vya ushirika, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010 na kuanza kutumika Kongo mwaka 2012, yataka mkutano mkuu ufanyike ndani ya miezi 6 baada ya hesabu za mwaka kufungwa, ili wanachama wasikilize taarifa ya kamati, waipime, kisha waikubali au waikatae. Kwa hiyo sharti iandikwe kwa lugha wanayoifahamu, isomwe mbele yao kwa sauti, na kila jambo linalodaiwa ndani yake liwe na daftari la kulithibitisha.

2. Vita visifunike kila kitu

Katika wilaya zetu iko sababu moja ya hasara isiyoweza kukanushwa na mtu yeyote, nayo ni vita. Na kwa kuwa haikanushiki, aghalabu hutumiwa kusitiri hasara nyingine ambazo asili yake ni uzembe au udanganyifu. Tuchukue mfano wa kubuni wa chama cha wafugaji wa Masisi watengenezao jibini, ambao mwaka 2024 walipokea lita 12,000 za maziwa. Kwa kawaida lita 10 hutoa kilo 1 ya jibini, basi zilitazamiwa kupatikana karibu kilo 1,200; lakini zilitengenezwa kilo 1,110 tu, na katika hizo kilo 120 zikaharibika ghalani, kwa kuwa mapigano ya kuzunguka Sake, yaliyopamba moto mwezi wa Februari, yaliifunga njia ya Goma.

Kamati yenye haraka ingeandika kwamba vita vimetupotezea kilo 210. Kamati yenye insafu hutenganisha: kilo 120 zilipotea kwa njia kufungwa, lakini kilo 90 hazikupata hata kuwa jibini, na njia ya Sake haihusiki nazo kwa lolote. Hufunguliwa basi daftari la mapokezi, na lita za kila mwezi zikagawanywa kwa kilo zilizotoka. Ikionekana kwamba mwezi wa Januari kila kilo ilitaka lita 10, na kuanzia Juni ikataka 11 na zaidi, ndipo huulizwa ni jambo gani lililobadilika mwezi huo. Na katika mfano wetu jibu ni kwamba laktomita ilivunjika mwezi wa Mei, haikununuliwa nyingine, na maziwa yakapokelewa kwa macho tu.

Maziwa safi ya ng'ombe huwa na uzani wa baina ya 1.028 na 1.032, na yakitiwa maji uzani hushuka. Hata hivyo laktomita ina mpaka wake, maana mtu akiengua malai kwanza kisha akatia maji, uzani waweza kurudi mahali pake. Kwa hiyo taarifa isimtuhumu mtu kwa jina kwa ushahidi wa laktomita peke yake, bali ieleze upungufu, sababu iliyo dhahiri, na tarehe ya kununua chombo kipya.

Kwa wakamua mawese wa Walikale mizani ni hiyo hiyo: uzito wa ngazi za michikichi zilizopokelewa hulinganishwa, mwezi kwa mwezi, na bidoni za mafuta zilizotoka.

3. Deni si fedha mkononi

Katika mfano wetu, kilo 990 za jibini zilisalia baada ya zile 120 kuharibika; katika hizo 870 zililipwa, 60 zimo ghalani, na 60 zilichukuliwa kwa mkopo na wachuuzi wasiolipa bado. Kuziandika zote kuwa zimeuzwa ni kupamba mafanikio. Ziandikwe mafungu matatu, pamoja na umri wa deni na nani aliyeidhinisha mkopo.

4. Ziada igawanywe kwa utaratibu

Sheria yaamuru kwamba katika ziada halisi litengwe fungu lisilopungua asilimia 20 kwa akiba ya jumla, na jingine lisilopungua asilimia 20 kwa mafunzo, mpaka kila akiba itimie kiasi cha mtaji uliotajwa katika katiba ya chama. Ziada ikiwa dola 1,000, basi dola 400 hutengwa kwanza. Na katika zilizobaki, kiasi ambacho mkutano utaamua kukirejesha kwa wanachama hugawanywa kwa kadiri ya lita alizoleta kila mmoja. Ndiyo maana upungufu uliofichwa ni dhuluma: aliyeleta maziwa safi hulipia maji ya mwenziwe.

5. Kabla ya kusoma taarifa

Kamati ya usimamizi ikabidhi taarifa pamoja na madaftari ya mapokezi, ya ghala na ya madeni kwa tume ya uangalizi, nayo ichague miezi miwili, mmoja wa amani na mmoja wa msukosuko, iihesabu upya tangu lita ya kwanza. Hesabu zikiafikiana, tume itie sahihi. Zikihitilafiana, hitilafu hiyo nayo iandikwe, isomwe mkutanoni kabla wanachama hawajapiga kura.