Kuchora Mkondo wa Bei Bila Kujidanganya

Nukta mbili zozote huunganishwa kwa mstari. Kwa hiyo mstari wenye miguso miwili haujathibitisha chochote. Tuchukue mfano wa bitkoini. Kilele cha Aprili 2021 kilikaribia dola 64,800, na cha Novemba dola 69,000. Mstari unaoviunganisha hupanda takribani dola 600 kwa mwezi. Mstari wa chini, sambamba na huo, ukianzia kwenye bonde la Juni 2021, dola 28,800 hivi, hufika 33,000 mwishoni mwa Januari 2022. Na bei iligeukia karibu na hapo. Mchoraji alikuwa na sababu ya kufurahi.

Mwezi Mei mstari huo ulikuwa umepanda hadi karibu 35,000, lakini bei ilishuka chini ya 30,000. Hapo ndipo kishawishi huja: kuuteremsha mstari ili uguse bonde jipya. Usiuteremshe. Andika kwamba mkondo umevunjika, na uhifadhi mchoro pamoja na tarehe yake. Kabla ya kuchora, amua pia kama utatumia ncha za mishumaa au bei za kufunga, wala usibadilishe katikati. Anayekuuzia utabiri, mtake akuonyeshe mchoro alioutoa kabla ya bei kugeuka.