Taja Kitendo Kwanza, Hesabu Baadaye: Maswali Kuhusu Sauti ya Mwalimu Katika Video za Mazoezi

Watazamaji wananiona vizuri kwenye skrini. Kwa nini bado wanachelewa?

Kwa sababu wakikuona umeshaanza, pigo limeshapita. Wataingia kwenye pigo la pili au la tatu, halafu zamu nzima itaishia kwenye kukukimbiza. Ukumbini mgeni humtazama jirani na kumfuata. Nyumbani yuko peke yake, na akishalala kifudifudi kwa ajili ya pushapu hata skrini haioni. Anachobaki nacho ni sikio.

Aliyewahi kusimama paredi shuleni analijua jambo hili. Anayetoa amri hasemi "geuka kulia". Husema "kuliaaa", hutulia kidogo, ndipo humalizia "geuka!" Neno la kwanza linakuandaa, la pili linakuondoa. Mpangilio huo wa maneno ndio unaofanya mstari mzima ugeuke kwa kishindo kimoja, na video ya mazoezi inahitaji kitu hichohicho.

Jina la kitendo litangulie kwa muda gani?

Tuchukue muziki wa mapigo 120 kwa dakika. Kila pigo ni nusu sekunde, na fungu la mapigo manane ni sekunde 4. Watu wanatembea papo hapo, nawe unataka wachuchumae pigo la kwanza la fungu linalofuata. Katika fungu hili la sasa, tumia mapigo mawili ya mwanzo kusema "chuchumaa". Neno hilo lina silabi nne, kwa hiyo linaenea bila kukimbizwa. Pigo la tatu na la nne, nyamaza, au sema "miguu panua" kama ni mara ya kwanza. Kisha hesabu kuelekea chini: pigo la tano "nne", la sita "tatu", la saba "mbili", la nane "haya!" Pigo linalofuata, wote wako chini.

Wengi huigeuza: "nne, tatu, mbili, chuchumaa!" Aliyezoea kipindi chako ataweza, kwa kuwa anakijua kinachokuja. Mgeni amepewa nusu sekunde ya kulisikia jina, kukumbuka maana yake na kupanga miguu. Haitoshi.

Kwa nini kuhesabu kushuka, na kwa nini "haya" badala ya "moja"?

Hesabu inayopanda haina mwisho unaojulikana. Ukisema "moja, mbili, tatu", msikilizaji hajui kama utaishia nne au nane. Inayoshuka inamwonyesha muda uliobaki. Ama "moja", nimeiacha kwa makusudi. Ukimaliza kushuka kwa "moja" kisha ukaanza kuhesabu michuchumao kwa "moja", kutakuwa na "moja" mbili zilizofuatana, na nusu ya watu watashuka kwenye ile ya kwanza. Kosa hili nimelifanya katika video zangu za mwanzo, na nililitambua nilipomtazama dada yangu akizifuata sebuleni.

Mapigo manane yanatosha kila wakati?

Hapana. Kutoka kusimama hadi kulala sakafuni kunataka angalau mafungu mawili, na kwa mtu mzima mwenye magoti mazito hata manne. Hapo sema "tunashuka sakafuni", waache washuke kwa utaratibu wao, na usianze hesabu mpaka wawe wamefika.

Muziki wa kasi nao una mipaka yake. Singeli ikifika mapigo 200 kwa dakika, mapigo manne ni sekunde 1.2 tu, na ulimi utajikwaa. Hesabu pigo moja na kuruka moja, ili mwendo wako uwe wa 100.

Nikiwatazama, "kulia" ni kwa nani?

Ni kulia kwao. Wewe tumia mkono wako wa kushoto, uwe kama kioo.

Spika isiyo na waya huchelewesha sauti. Hesabu haiharibiki?

Sauti yako na muziki vikiwa vimeunganishwa katika faili moja, vinachelewa pamoja, hivyo hesabu hubaki juu ya pigo. Picha ndiyo itakayotangulia kidogo. Anayefuata sikio atakwenda sawa, anayefuata jicho atauwahi muziki.

Nitajuaje kwamba maelekezo yangu yanafanya kazi?

Mtafute mtu asiyekijua kipindi. Mfundishe majina ya vitendo tu, kisha ageuzie skrini mgongo na afuate sauti. Akianza kwenye pigo la pili, ulichelewa kutaja. Akianza kabla ya "haya", huenda jina ulilitamka kwa mkazo kama amri. Lishushe sauti na uuache mkazo kwa "haya". Akisimama akishangaa, pitia rekodi utafute kama kitendo kimoja umekiita "chuchumaa" mwanzoni na "kaa chini" katikati.