Herufi Moja Kati ya Kakamega na Kendu Bay

Andika S0017.0E03445.0 kwenye kompyuta ya kuongoza safari ya ndege, ile marubani wanayoiita FMC, nayo itaipokea bila kulalamika. Ulikuwa unataka mji wa Kakamega, ulioko dakika 17 kaskazini ya ikweta. Umepewa mahali palipo upande wa pili wa Kisumu, kuelekea Kendu Bay. Ulipaswa kuandika N.

Hapo ndipo penye somo lote la kuandaa njia kabla ya kuruka. Kompyuta hukagua kama ulichoandika kimekaa katika umbo linalokubalika na kama jina lake limo katika hifadhidata. Haijui ulikuwa na nia ya kwenda wapi. Nia hiyo imo katika karatasi ya mpango wa safari, kwa hivyo mpango huo uwe mkononi tangu mwanzo.

Anza na ukurasa wa IDENT. Hifadhidata ya viwanja, vituo na njia za angani hubadilishwa kila baada ya siku 28, siku ya Alhamisi, dunia nzima kwa pamoja. FMC ya Boeing hubeba seti mbili: inayotumika na ya akiba. Hakikisha tarehe ya leo imo ndani ya ile inayotumika.

Kisha ieleze ndege mahali iliposimama. Usiichukulie hatua hii kama ada tu. Tarehe 10 Machi 2015, rubani wa Airbus A330 ya AirAsia X aliyekuwa Sydney aliandika longitudo 01519.8 mashariki badala ya 15109.8. Sifuri moja ilikaa vibaya, na ndege ikaamini iko karibu na Cape Town, zaidi ya kilomita 11,000 kutoka ilipokuwa. Mifumo ilianza kuvurugika baada ya kupaa, na safari ya Kuala Lumpur ikaishia Melbourne.

Sasa ingiza njia. Tuchukue zoezi la simuleta: kutoka Kisumu, HKKI, tupite juu ya Kakamega, twende Nairobi, HKJK. Ukiandika HKKG, uwanja mdogo wa Kakamega, huenda ukajibiwa NOT IN DATABASE. Usidhani kompyuta imeharibika. Mashirika mengi hupunguza hifadhidata zao, na viwanja ambavyo ndege zao hazitui huachwa nje. Ndipo rubani anapolazimika kuandika latitudo na longitudo kwa mkono, na ndipo ile herufi inapopata nafasi ya kupenya.

Fungua LEGS. Kila kipande cha njia kina uelekeo na umbali wake. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, kwa hivyo hesabu hii haihitaji kalkuleta. Uwanja wa Kisumu uko dakika 5 kusini ya ikweta, Kakamega dakika 17 kaskazini: 5 na 17 ni 22. Kipande cha kwanza kiwe maili 22, kikielekea kaskazini. Ukiona maili 12 kuelekea kusini, umeandika S.

Ubaya ni kwamba 12 haishtui mtu. Rubani wa London akikosea herufi hiyo hupata umbali wa maelfu ya maili na hucheka mwenyewe. Sisi tunaokaa karibu na ikweta, kosa letu ni la maili 34 tu, na linafanana na ukweli. Tena linavutia: njia sahihi hadi Nairobi ni takriban maili 184, iliyokosewa takriban 157. Anayetazama mafuta peke yake atadhani amepata njia ya mkato.

Weka skrini ya ramani katika PLAN, upite kituo kimoja kimoja. Jicho litaona mstari ulioshuka kusini kabla kichwa hakijamaliza hesabu.

Kuna mtego mwingine mdogo: Kisumu na Jomo Kenyatta zote zina njia za kurukia zinazoitwa 06 na 24. Ukichagua 24, tazama umeichagua kwenye uwanja upi. Na ukikuta ROUTE DISCONTINUITY, usiifute kwa haraka ili ukurasa uonekane nadhifu. Pengo hilo linakuambia kompyuta haijui vipande viwili vinaunganaje, na ukiliziba bila kuuliza, itavuta mstari mnyoofu kutoka kimoja hadi kingine, hata kama hakuna aliyeupanga.

Mwisho, mmoja asome mpango kwenye karatasi kwa sauti, mwingine ajibu kutoka kwenye skrini. Mkisoma nyote skrini moja, hamjakagua chochote. Na mnara ukibadilisha njia ya kurukia dakika ya mwisho, mrudie LEGS tangu mstari wa kwanza, hata kama abiria wameshafunga mikanda.