Ada ya Januari itoke kwenye gunia

Wakulima wenzangu wa mpunga, Kilosa hadi Mikumi, sisi hatuna mshahara, hivyo ada tusiigawe kwa miezi, tuigawe kwa magunia. Tuseme Januari unadaiwa shilingi 600,000, na ukishatenga chakula una magunia 20 ya kuuza. Kila gunia likiuzwa, 30,000 inaingia mfuko wa ada siku hiyohiyo, kabla ya deni la dukani. Ukifika gunia la 10, hesabu: iwepo 300,000. Ikipungua, gawanya pengo kwa magunia yaliyobaki. Ukiiweka kwenye kikoba, uliza kwanza kinavunjwa lini. Kikivunjwa Machi, hela yako ipo lakini mtoto keshakosa kuripoti. Ada ya Julai nayo ifungulie mfuko wake.